Sentimita Tano za Chuma: Kwa Nini Uzito Upande Wima Juu ya Katikati ya Unyayo

Katika skwati na dedlifti, chuma kinachopanda na kushuka kwa mstari wima juu ya katikati ya unyayo humchosha mnyanyuaji kidogo kuliko chuma kilekile kikiyumba mbele au nyuma. Skwati ni kuchuchumaa na kusimama chuma kikiwa kimelazwa mgongoni, chini ya shingo. Dedlifti ni kukiokota chuma sakafuni na kusimama nacho, mikono ikiwa imenyooka muda wote. Walimu wa jimu huipigia kelele kanuni hii kila siku, na wanafanya vyema. Ila sababu ambayo wengi wao huitoa siyo yenyewe, na anayeishikilia sababu isiyo yenyewe hushindwa kujua ni kosa lipi la kuhangaikia na lipi la kuachana nalo.

Kwanza mahali penyewe. Katikati ya unyayo ni katikati ya urefu wote, kuanzia nyuma ya kisigino hadi ncha ya kidole kirefu. Mtu anayevaa kiatu namba 44 ana unyayo wa sentimita 28 hivi, kwa hiyo katikati yake ni sentimita 14 kutoka kisiginoni, mahali ambapo kwa kawaida fundo la kamba za viatu hukaa. Kipimo hiki ni rahisi, lakini jicho hukikosea karibu kila mara. Mtu akisimama na kutazama chini, muundi wa mguu unamficha kisigino na sehemu yote iliyo nyuma yake. Anachokiona ni kipande cha mbele tu, kama sentimita 17, na bila kujua anaikadiria katikati ya kipande hicho. Chuma anachodhani amekiweka katikati kinakuwa kimesogea mbele kama sentimita 5, karibu na pale vidole vinapoanza. Inafaa kuifuata sentimita hizo 5 zinafanya nini mwilini, kwa sababu ndilo kosa la kawaida kuliko yote.

Maelezo yanayosikika sana ni kwamba mstari ulionyooka ndio njia fupi, na njia fupi ina kazi kidogo. Hesabu inayakataa maelezo hayo. Chukua chuma cha kilo 100 kinachopandishwa sentimita 50. Kikipanda wima, kimesafiri sentimita 50. Kikitoka nje ya mstari hadi sentimita 5 katikati ya safari kisha kikarudi, njia yote inakuwa sentimita 51. Tofauti ni sentimita moja, na hakuna mtu aliyeshindwa kunyanyua kwa sababu ya sentimita moja. Zaidi ya hapo, mvutano wa dunia haujali umbali wa kando. Kazi ya kushindana nao hupimwa kwa uzito na kimo peke yake, na kilo 100 kupandishwa nusu mita ni kazi ya jouli 490, iwe chuma kimepita wima au kimepinda njiani. Kwa hiyo kinachookolewa hakimo katika kazi inayofanywa juu ya chuma. Kimo ndani ya misuli inayolazimika kuvuta ili kazi hiyohiyo ifanyike.

Misuli huvuta mifupa, na mifupa huzunguka kwenye viungo. Kwa hiyo kila kiungo hufanya kazi kama egemeo la wenzo. Chuma kinavutwa chini kwa mstari wima. Kiungo kiko pembeni ya mstari huo. Na umbali wa mlalo kati ya kiungo na mstari ndio mkono wa wenzo. Mkono ukiwa mrefu, uzito uleule unakikunja kiungo kwa nguvu zaidi, na misuli inalazimika kujibu kwa nguvu zaidi. Aliyewahi kushika ndoo ya maji kwa mkono ulionyooka mbele, badala ya kuikumbatia kifuani, amelionja jambo hili: maji hayajaongezeka, lakini bega linawaka moto baada ya muda mfupi. Ndoo haikusogea hata kidogo, kwa hiyo katika lugha ya fizikia hakuna kazi iliyofanyika, na bado msuli umetumia nishati na kuchoka. Msuli wa binadamu hulipia kushika pia, siyo kusogeza tu.

Sasa chuma cha kilo 100 kiko sakafuni na mnyanyuaji wa dedlifti ameinama kukishika. Ikiwa chuma kiko juu ya katikati ya unyayo, nyonga yake inaweza kuwa sentimita 25 nyuma ya mstari wa chuma. Ukizidisha kilo kwa sentimita unapata mzigo wa kukunja wa 2,500 kwenye nyonga. Kisogeze chuma mbele sentimita 5 bila kubadilisha kingine chochote, na mkono wa wenzo unakuwa sentimita 30, mzigo 3,000. Chuma ni kilekile, lakini nyonga imebebeshwa kama vile kilikuwa cha kilo 120. Hesabu hii imeuacha pembeni uzito wa kiwiliwili chenyewe, ambao nao huikunja nyonga, ila sehemu hiyo ipo vyovyote chuma kikae wapi.

Kiunoni hali ni kali zaidi. Misuli mikubwa inayoshikilia uti wa mgongo kwa nyuma iko karibu sana na pingili: kutoka katikati ya diski hadi inapovuta ni kama sentimita 5 au 6 tu. Maana yake misuli hiyo ina mkono mfupi mno wa kupambana na mkono mrefu wa chuma. Zile kilo-sentimita 500 zilizoongezeka kwa chuma kusogea mbele zinapaswa kuzuiwa na msuli ulio sentimita 5 au 6 kutoka kwenye egemeo, kwa hiyo msuli unaongeza mvuto wa kilo 80 hadi 100. Mvuto huo hauinui chochote. Unazuia mgongo usikunjike, na papo hapo unazibana diski kwa nguvu hiyohiyo. Ndiyo maana mtu aliyenyanyua vibaya husikia uchovu kiunoni wakati mapaja yake bado yana nguvu za kutosha.

Kuna sababu ya pili, nayo ni ya uwiano. Mtu na chuma chake, mbele ya mvutano wa dunia, ni kitu kimoja chenye kitovu kimoja cha uzito. Kitovu hicho kikitoka juu ya nyayo, mtu anaanguka au anapiga hatua. Katikati ya unyayo ndipo mahali penye nafasi sawa kwenda mbele na kwenda nyuma kabla mambo hayajaharibika. Mwili hauna subira na jambo hili: chuma kikisogea mbele, sehemu nyingine ya mwili hurudi nyuma papo hapo bila kuulizwa.

Kiasi gani kirudi kinategemea uzito wa chuma. Mtu wa kilo 75 mwenye chuma kitupu cha kilo 20 kilichosogea mbele sentimita 5 anahitaji kuurudisha mwili nyuma sentimita moja na theluthi hivi. Hajui hata kama amefanya hivyo. Chuma kikiwa cha kilo 100, mwili unapaswa kurudi karibu sentimita 7. Kikiwa cha kilo 150, ni sentimita 10 kamili, yaani nyonga inakimbia nyuma na kuurefusha zaidi mkono wa wenzo ambao tayari ulikuwa mrefu. Kosa moja linazaa jingine, na yote mawili yanaangukia kiuno kilekile. Hapa ndipo penye jibu la malalamiko ya watu wengi ambao dedlifti yao ilikwenda vizuri miezi kadhaa kisha ikakwama ghafla. Hakuna kilichoharibika siku hiyo. Kosa lilikuwapo tangu mwanzo, ila uzito mdogo ulikuwa unalificha.

Skwati inafuata kanuni hiyohiyo kwa umbo tofauti, na hapa ndipo panapohitajika uangalifu, kwani wengi huitafsiri vibaya. Mnyanyuaji akiwa chini, mapaja yakiwa sambamba na sakafu, magoti yako mbele ya mstari wa chuma na nyonga iko nyuma yake. Paja likiwa na urefu wa sentimita 42, basi sentimita hizo 42 zimegawanywa na mstari: sehemu ya mbele ni mkono wa wenzo wa goti, sehemu ya nyuma ni mkono wa wenzo wa nyonga. Kwa mtu wa vipimo vya kawaida ambaye muundi wake umelala kiasi cha nyuzi 30, mstari unaopita katikati ya unyayo unaacha kama sentimita 13 kwa goti na 29 kwa nyonga. Chuma kikisogea mbele sentimita 5, goti linabakiwa na 8 na nyonga inapewa 34. Jumla ni 42 vilevile.

Kwa hiyo si kweli kwamba skwati yenye mstari mzuri inapunguza mzigo wa kila kiungo. Kinachofanyika ni mgawanyo. Mstari wa katikati unawapa kazi misuli ya mbele ya paja, ambayo ni mikubwa na imejengwa kwa kunyoosha goti, na unaigawia nyonga kiasi inachoweza kubeba. Mstari ukienda mbele, misuli ya paja inapumzishwa wakati nyonga na kiuno vinaongezewa asilimia 17. Mnyanyuaji anakwama huku nusu ya nguvu zake haijatumika. Kisha kuna kifundo cha mguu, ambacho husahauliwa. Kifundo kiko kama sentimita 6 kutoka nyuma ya kisigino, yaani sentimita 8 nyuma ya katikati ya unyayo. Misuli ya shavu la mguu inazishika hizo 8 bila shida. Chuma kikifika mwanzo wa vidole zinakuwa 13, ongezeko la zaidi ya asilimia 60, na msuli ulio mdogo kuliko ile ya paja unakuwa ndio unaozuia mzigo wote usianguke mbele. Kazi hiyo haipandishi chuma hata milimita moja.

Jaribio moja lililochapishwa Marekani mwaka 2003 na Fry na wenzake linaonyesha jinsi mgawanyo huu unavyoweza kupinda. Wanaume saba walichuchumaa na chuma chenye uzito sawa na wa miili yao, mara moja kwa uhuru na mara nyingine wakiwa na ubao uliosimamishwa mbele yao ili magoti yasivuke vidole. Ubao ulipunguza mzigo wa goti, kutoka wastani wa nyutoni-mita 150 hadi 117. Lakini nyonga, ambayo ilikuwa na nyutoni-mita 28 tu, ilirukia zaidi ya 300. Sababu ni ile ya uwiano: magoti yalipozuiwa, nyonga ililazimika kurudi nyuma na kifua kulala mbele ili uzito ubaki juu ya nyayo. Lile agizo la jimu kwamba magoti yasivuke vidole kamwe, linalotolewa kwa nia njema ya kulinda goti, linastahili kusemwa kwa uangalifu zaidi kuliko linavyosemwa. Magoti hukaa pale yanapohitajika ili chuma kibaki katikati, na kwa watu wengi hilo linamaanisha mbele ya vidole kidogo.

Mahali chuma kinapolazwa mgongoni hubadilisha pembe za mwili lakini hakibadilishi mstari. Kikilazwa juu, kwenye nyama ya shingo na mabega, kiwiliwili husimama zaidi. Kikishushwa hadi kwenye mifupa ya makombe ya mabega, kiwiliwili lazima kiiname zaidi. Kikiwekwa mbele ya mabega, kiwiliwili kinakaribia kusimama wima na magoti yanakwenda mbele sana. Katika namna zote tatu mtu anainama kwa kiasi kinachohitajika kukirudisha chuma juu ya fundo la kamba za viatu, na kiasi hicho hakichaguliwi kwa kupenda. Mtu mwenye mapaja marefu na kiwiliwili kifupi atainama kuliko mwenzake, na kumlazimisha asimame kama mwenzake ni kumwangusha kwa nyuma.

Katika dedlifti, mstari huharibiwa mara nyingi kabla chuma hakijaondoka sakafuni. Chuma cha mashindano chenye pleti kubwa, ambazo kipenyo chake ni sentimita 45, hulala na kitovu chake sentimita 22.5 juu ya sakafu. Mnyanyuaji hukisogelea mpaka kiwe juu ya katikati ya unyayo. Muundi wake ukiwa umesimama, nafasi kati yake na chuma haizidi sentimita 3. Anainama kukishika bila kukisogeza, kisha anayaleta magoti mbele mpaka muundi uguse chuma na kukomea hapo. Kuanzia hapo kinachobaki ni kunyanyua kifua na kukaza mgongo. Kosa linaingia pale anapoongeza jambo moja: anashusha makalio kama anayetaka kukaa kwenye kigoda. Makalio yakishuka, magoti yanakwenda mbele, muundi unakisukuma chuma, nacho kinajiviringisha hadi juu ya vidole.

Mwili hauwezi kunyanyua uzito mkubwa ukiwa katika hali hiyo, na dalili yake inaonekana wazi. Mnyanyuaji anaanza kuvuta, makalio yanapanda, lakini pleti bado zimetulia sakafuni. Zinaondoka tu pale makalio yanapofikia kimo ambacho mabega yako mbele kidogo ya chuma. Yaani mwili umejitafutia mkao sahihi wenyewe, ila chuma kimebaki mbele na sekunde ya kwanza ya nguvu imepotea bure. Anayeanza na makalio pale ambapo yangeishia vyovyote vile ameokoa sekunde hiyo.

Dalili ya pili huja chuma kikishapanda kidogo: kinaachana na muundi, kinaning'inia mbele, halafu kinarudi na kugonga mapaja juu ya goti. Mikono haiwezi kukizuia kwa sababu ni kamba tu. Kinachokivuta chuma kuelekea mwilini ni misuli mipana ya mgongo inayoshuka kutoka kwapani, na ikilegea mstari unapotea. Ikikazwa, chuma kinaparuza muundi njia nzima, na ndiyo sababu wanyanyuaji wa mashindano huvaa soksi ndefu zinazofika gotini. Soksi hizo zinazuia damu isibaki kwenye chuma ambacho mshindani mwingine atakishika.

Wakati wa kushusha, utaratibu unageuka. Nyonga inarudi nyuma kwanza hadi chuma kipite magoti, ndipo magoti yanapokunjwa. Anayeanza kukunja magoti anayaweka njiani mwa chuma, na chuma kinalazimika kuyazunguka kwa mbele, mbali na mwili, wakati misuli tayari imechoka.

Vyuma vya kutengeneza mitaani vina tatizo lao. Katika jimu nyingi za uani Afrika Mashariki, uzito ni saruji iliyomwagwa kwenye makopo pande mbili za bomba. Kopo la rangi la lita 4 lina kipenyo kisichofika sentimita 20, kwa hiyo bomba linalala chini ya sentimita 10 kutoka sakafuni, nusu ya kimo cha pleti halisi na pungufu. Mtu anayelifuata huko chini anajikunja mno: ama makalio yanashuka na magoti kulisukuma bomba mbele, ama mgongo unapinda. Dawa yake ni kupandisha uzito. Tofali la inchi 5 likilazwa chini ya kila kopo huinua bomba kwa kama sentimita 13, na bomba linafika karibu kabisa na kimo cha chuma cha mashindano. Kabari ya mbao pande zote mbili huzuia kopo lisijiviringishe.

Katika skwati, dalili za mstari kuhama ziko miguuni na nyongani. Visigino vinapanda, au vinakuwa vyepesi kiasi kwamba vidole vinajikunja ndani ya kiatu kushika sakafu. Wakati wa kupanda, makalio yanakwenda juu haraka kuliko mabega, kifua kinalala, na zoezi linageuka kuwa la kunyoosha mgongo. Wengi hudhani hapo tatizo ni udhaifu wa kiuno. Kwa kawaida kiuno kimebebeshwa tu kile ambacho mapaja yameachishwa. Wakati mwingine chanzo ni kifundo cha mguu kilichokaza kisichoruhusu muundi kulala mbele, na ndiyo maana viatu vya kunyanyulia vyuma vina kisigino cha mbao au plastiki ngumu kilichoinuliwa kidogo. Viatu vya kukimbilia vyenye soli laini hufanya kinyume: soli inadidimia pale uzito ulipo, na kadiri inavyodidimia ndivyo uzito unavyoelemea upande huohuo.

Njia ya uhakika ya kuuona mstari ni kurekodi kwa simu kutoka ubavuni. Simu iwekwe mita tatu hivi kutoka kwa mnyanyuaji, kwenye kimo cha nyonga, ikitazama ncha ya chuma moja kwa moja. Ikiwekwa mbele kidogo au nyuma kidogo, picha itaonyesha chuma kikiyumba hata kama hakikuyumba, na watu wamerekebisha makosa ambayo hayakuwapo kwa sababu hiyo. Kisha video isimamishwe mara tatu: chuma kikiwa juu, kikiwa nusu ya njia, na kikiwa chini. Kila mara, mstari wima kutoka kwenye ncha ya chuma ushushwe hadi kwenye kiatu. Asiye na simu ya kurekodi anaweza kutumia timazi ya fundi mwashi: mnyanyuaji anachuchumaa na chuma chepesi, anatulia chini, na mwenzake anaishikiza timazi kwenye ncha ya chuma na kutazama inaangukia wapi.

Kinachotafutwa hapo si mstari wa rula. Wanyanyuaji wazuri huyumba sentimita moja au mbili, hasa chuma kinapobadilisha mwelekeo, na hakuna haja ya kulipigania hilo. Inafaa pia kukumbuka kwamba kinachotakiwa kukaa juu ya katikati ya unyayo ni kitovu cha uzito wa mtu na chuma kwa pamoja. Chuma kikiwa kizito kuliko mtu, vitu hivyo viwili karibu vinalingana. Kikiwa chepesi, mwili ndio unaotawala, na chuma kitupu kinaweza kukaa mbele au nyuma kidogo bila kosa lolote. Kwa sababu hiyo mstari wa anayejifunza upimwe na uzito wa kutosha kuonyesha jambo, siyo na chuma kitupu peke yake.

Kanuni hii pia haivuki mipaka ya mazoezi haya. Anayesukuma chuma akiwa amelala kwenye benchi hukishusha kifuani na kukisukuma kwa mstari unaorudi kuelekea mabegani, kwa sababu egemeo lake ni bega na bega haliko juu ya kifua. Wanyanyuaji wa Olimpiki, wanaorusha chuma hadi juu ya kichwa, huacha njia yenye mpindo kama herufi S, kwani mwili unapaswa kuingia chini ya chuma kabla hakijaanza kuanguka. Na iko ile mashine ya jimu ambayo chuma chake kimefungwa kwenye reli mbili za wima. Hapo mstari ni wima siku zote, lakini reli ndizo zinazobeba uwiano. Mtu anaweza kuiweka miguu nusu mita mbele ya chuma na asianguke. Uwima wa reli hauhakikishi lolote kuhusu umbali kati ya chuma na nyonga, goti au kifundo, na umbali huo ndio unaoamua misuli gani itachoka.